Kilichobaki Baada ya Kuhifadhi: Faili za Calc

Calc ni programu ya lahajedwali iliyomo ndani ya LibreOffice, kifurushi cha bure cha kazi za ofisi kilichozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, ile iliyowahi kutolewa kwa Kiswahili nchini Tanzania kwa jina la Jambo OpenOffice. Aina yake ya faili ni .ods. Huweza pia kufungua na kuhifadhi .xlsx, ambayo ni ya Excel, na .csv, ambayo ni maandishi matupu yaliyotengwa kwa mkato.

Anayehifadhi kwa aina isiyo .ods huulizwa kama abaki nayo au atumie ODF. Onyo hilo ni la jumla mno. Hutokea hata pale ambapo hakuna kitakachopotea, na kinachopotea halikitaji. Kubaya zaidi, baada ya kuhifadhi kioo hakibadiliki: rangi, fomula na majedwali yote huendelea kuonekana, kwa kuwa kinachoonekana ni kile kilichomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, si kilichoandikwa kwenye faili. Ndiyo maana ukaguzi wa kweli ni mmoja tu: kufunga faili na kuifungua upya.

Chukua mfano wa daftari la kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 12. Safu A ina majina, B namba za simu zilizoandikwa kama maandishi, C tarehe, na D michango inayoonyeshwa kwa alama ya TSh. Seli D14 ina jumla:

```
=SUM(D2:D13)
```

Mchango ulio chini ya 20,000 hugeuka mwekundu wenyewe kwa umbizo la masharti. Jedwali la pili lina mikopo. Daftari huhifadhiwa kwanza kama michango.ods, kisha nakala mbili hutolewa kwa File > Save As: michango.xlsx na michango.csv.

Nakala ya .xlsx ikifunguliwa, karibu kila kitu kipo. Hata hivyo kutazama tu hakutoshi, maana rangi nyekundu inaweza kuwapo bila sharti lililoileta. Mchango wa 20,000 ubadilishwe kuwa 15,000. Seli ikigeuka nyekundu na jumla ikapungua kwa 5,000, sharti na fomula vimesalimika. Mabadiliko mengine hutoka kwenye fonti. Kompyuta isiyo na Calibri huweka Carlito mahali pake, yenye upana uleule. Lakini fonti isiyo na pacha wa namna hiyo huweza kupanua maandishi hadi seli yenye namba ionyeshe ###. Hapo namba haijapotea, safu ndiyo imekuwa nyembamba. Kurasa zinapogawanyika vibaya, Ctrl+Shift+O huonyesha zitakavyochapwa. Makro zilizoandikwa kwa Basic ya LibreOffice ndizo zisizovuka kuingia .xlsx.

Hasara kubwa iko kwenye .csv. Rangi, mistari, upana wa safu na sharti la wekundu huondoka vyote, na kwa kawaida jedwali lililo wazi wakati wa kuhifadhi ndilo pekee linaloandikwa, hivyo mikopo haimo. Fomula ya D14 huacha jibu lake tu. Na alama ya Save cell content as shown ikiachwa, mchango huandikwa kama unavyoonekana, pamoja na TSh. Ukirudi huingia kama maandishi: hulalia kushoto mwa seli, na =SUM(D2:D13) ikiandikwa upya huleta 0. Dawa ni kuiondoa alama hiyo wakati wa kuhifadhi, ili namba ziandikwe tupu.

Namba za simu zina mtego wake. Faili ya .csv ikifunguliwa, dirisha la Text Import hutokea, na wengi hubonyeza OK bila kulisoma. Simu inayoanza na 07 hubaki ikianza na 7, kwa kuwa Calc imeisoma kama namba ya kuhesabia. Safu ya simu inapaswa kubonyezwa kwenye dirisha hilo na Column type kuwekwa Text. Ya tarehe iwekwe Date (DMY), la sivyo 05/03 inaweza kuwa maandishi, au kugeuka tarehe 3 Mei. Aliyekwisha kubonyeza OK bado hajaharibu kitu, kwani sifuri ingalimo kwenye faili. Afunge bila kuhifadhi, kisha afungue upya. Akihifadhi, sifuri imekwenda, na pa kuipata tena ni kwenye michango.ods au michango.xlsx.