Upanga Mfupi Nyuma ya Ngao Kubwa

Ukiutazama peke yake, upanga wa askari wa Kirumi unaonekana silaha ya kupunjwa. Chuma chake, ukiacha mpini, kilikuwa na urefu wa sentimita 60 na kitu hivi, na baadaye kikapunguzwa hadi karibu 50. Wagali, maadui zake wakubwa, walibeba panga ndefu kuliko huo. Ili ufupi huo ueleweke, sharti kwanza itazamwe ngao.

Ngao moja iliyofukuliwa Fayumu, Misri, mwaka 1900, ina kimo cha sentimita 128, yaani ingemfunika mtu kutoka begani hadi chini ya goti. Imeundwa kwa matabaka matatu ya mbao nyembamba yaliyogundishwa na kupindwa, ili ikumbatie mwili. Nakala za kisasa zilizofuata vipimo vyake hufikia kilo 10. Mshikio wake ni mmoja, umelazwa katikati. Askari hakujifunga ngao mkononi. Aliikamata kwa ngumi, na kwa ngumi hiyo hiyo alimsukuma adui akamyumbisha.

Hapo upanga ulipata kazi. Anayetaka kukata kwa nguvu huinua mkono, kwapa na ubavu vikabaki wazi. Anayechoma hupenyeza ncha kando ya ngao, kuelekea tumbo au paja, huku mwili wake umesitirika. Vegetio, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, alieleza kuwa pigo la makali huua mara chache kwa sababu mifupa na deraya hulizuia, ilhali ncha ikizama inchi 2 tu inatosha. Si kwamba Warumi hawakukata kamwe: upanga ule ulikuwa na makali pande zote mbili.

Ila hata kuchoma kunataka nafasi. Mwaka 57 K.K., kwenye Mto Sabi huko Gali, Wanervii waliwashambulia Warumi kabla hawajajipanga. Askari wa Legioni ya 12 walirundikana wakazuiana mikono. Kikosi chao kimoja kilipoteza maakida wake wote. Julio Kaisari alinyakua ngao ya askari wa nyuma, akaenda mstari wa mbele, akawaita maakida kwa majina na kuamuru safu zisogee mbele na kuachana, ili panga zipate kutumika. Anayesimulia ni Kaisari mwenyewe, kwa hiyo tusishangae shujaa ni nani. Hata hivyo, amri yenyewe inaonyesha tatizo lilikuwa wapi. Safu zilishika tena, na Legioni ya 10 ilipofika kusaidia, Wanervii wakashindwa.

Mfumo huu ulitegemea adui akubali kusogelewa. Huko Karae, mwaka 53 K.K., Waparthi hawakukubali: wapanda farasi wao walizunguka kwa mbali wakimimina mishale, mingine ikipenya ngao na kuipigilia mikono iliyozishika.