Upele wa Nepi na Harara kwa Mtoto Mchanga

Upele wa nepi na harara, yaani vile vipele vya joto, vyote huletwa na unyevu, lakini unyevu huo hauji kwa njia moja. Kwenye upele wa nepi maji hutoka nje: mkojo na choo hukaa juu ya ngozi mpaka ikalowana na kulegea. Kwenye harara maji yako ndani: jasho limetoka kwenye tezi yake, likapanda, likakuta tundu la kutokea limeziba. Tofauti hii ndiyo inayoamua tiba, kwa sababu mafuta mazito yanayoikinga ngozi chini ya nepi ndiyo hayo hayo yanayozuia jasho kutoka shingoni.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zimelaliana kama vigae na kushikanishwa kwa mafuta ya ngozi yenyewe. Kwa mtoto mchanga tabaka hilo ni jembamba kuliko la mtu mzima. Likikaa kwenye maji huvimba na kuwa laini, kama vidole vya mtu aliyefua nguo asubuhi nzima, na hapo hata ukingo wa nepi ukisugua paja unatosha kulichubua. Mkojo peke yake hauna ukali mkubwa. Balaa huanza unapokutana na choo. Bakteria wa kwenye choo huvunja yurea iliyomo katika mkojo na kutoa amonia, ambayo huondoa ule uchachu kidogo ambao ngozi yenye afya huwa nao. Uchachu ukiondoka, vimeng'enya vilivyotoka na choo tumboni, ambavyo kazi yake ni kuyeyusha mafuta na protini za chakula, hupata nguvu na kuanza kuishambulia ngozi. Ndiyo maana mtoto anayeharisha huweza kuchubuka makalio kwa siku moja: choo kimepita haraka na vimeng'enya vyake bado vikali. Choo cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu huwa kichachu zaidi, na kwa kawaida hakimuunguzi sana.

Upele huu wa kuungua hukaa mahali ambapo nepi inagusa: makalio, sehemu za siri, chini ya kitovu, mapaja kwa ndani. Ndani ya mikunjo ya kinena ngozi mara nyingi hubaki salama, kwa kuwa mkunjo umejifunika wenyewe. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau au kahawia iliyokolea, na mahali penyewe hung'aa na kuwa na joto.

Hali ikiwa kinyume, mikunjo ikawa ndiyo iliyoumia zaidi na pembeni kukatapakaa vipele vidogo vidogo kama matone yaliyoruka kutoka kwenye beseni, basi fangasi aina ya kandida ameshaingia. Hupenda ngozi iliyolowana kwa siku tatu au zaidi, na hushamiri baada ya mtoto kupewa antibayotiki. Inafaa kumtazama na mdomoni, kwani utando mweupe usiofutika kwenye ulimi na mashavu ni kandida huyo huyo.

Tiba ya upele wa nepi ni kuiweka ngozi kavu, kisha kuitenga na uchafu. Nepi hubadilishwa mara tu mtoto anapojisaidia, na kama ni mkojo tu, kila baada ya saa mbili kwa mchanga na tatu hadi nne kwa mkubwa kidogo. Maji ya uvuguvugu na pamba au kitambaa laini vinatosha. Sabuni ya kipande huondoa uchachu wa ngozi kama amonia ifanyavyo. Baada ya kukaushwa kwa kugusa bila kusugua, hupakwa vazelini au marhamu ya zinki oksaidi, tena nene, kama siagi juu ya mkate. Safari inayofuata kinachoondolewa ni choo tu. Marhamu iliyobaki safi huachwa, maana kuikwangua yote ni kuchubua upya. Kumlaza mtoto juu ya kanga bila nepi kwa robo saa, mara kadhaa kwa siku, husaidia kuliko watu wanavyodhani. Kama kuna kandida, huongezwa krimu ya nistatini au klotrimazoli chini ya zinki. Cha kuepuka ni zile dawa mseto za duka la dawa zenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali kama betamethasoni katika mrija mmoja. Chini ya nepi steroidi hufyonzwa kwa wingi, na ngozi hupungua unene.

Harara ina mambo yake. Mtoto huzaliwa na tezi zake zote za jasho, lakini mifereji yake haijakomaa. Joto likizidi, ngozi hulowa kwa jasho, huvimba, na tundu dogo la mfereji hufumba. Likifumba karibu kabisa na juu, hutokea malengelenge maangavu kama umande, hayawashi, na hupasuka kwa kufutwa tu. Likifumba chini zaidi, jasho huvujia ndani ya ngozi na kuleta vipele vyekundu vinavyowasha, na mtoto hukosa usingizi. Hujaa shingoni, kwapani, mgongoni, na kifuani pale anapogusana na mgongo wa mama aliyembeba kwa kanga.

Harara haihitaji dawa kali. Mwili ukipoa, mifereji hufunguka yenyewe ndani ya siku chache. Mtoto huogeshwa maji yasiyo moto, hukaushwa vizuri kwenye mikunjo, na huvalishwa vazi moja jepesi la pamba. Poda haifai: ikilowa jasho huganda kwenye mikunjo na kusugua, na vumbi lake huingia mapafuni.

Chukua mtoto wa miezi saba, Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Aliharisha, akapewa antibayotiki, na siku ya nne makalio yakachubuka. Kwa kuogopa baridi, nyumbani alivalishwa sweta na kofia, akalazwa juu ya nailoni ili godoro lisilowe. Vipele vilipotokea shingoni, vikachukuliwa kuwa ni ugonjwa ule ule wa chini, akapakwa vazelini mwili mzima. Makalio yalipata nafuu kidogo, shingo ikazidi. Kuangalia kwa makini kulionyesha magonjwa mawili: mikunjo ya kinena imechubuka na ina vipele vya pembeni, na shingoni vipele bila mchubuko wowote. Klotrimazoli na zinki vikabaki chini ya nepi tu. Sweta, kofia na nailoni vikaondolewa, shingo ikaachwa bila mafuta. Harara ilikauka siku ya tatu. Upele wa kandida ulichukua zaidi ya wiki, na mabaka meupe yaliyobaki kwenye mapaja yalirudi rangi yake taratibu, wiki kadhaa baadaye. Kama angekuwa na homa, usaha, vidonda vinavyopanuka, au kama angekuwa hajatimiza mwezi mmoja na ana vipele vya usaha, mahali pake pangekuwa hospitali siku hiyo hiyo.