Laini ya Nani, Ukurasa wa Nani?

Sera nyingi za matumizi ya kompyuta na simu za ofisini huanza na makatazo: usitazame filamu, usipakue michezo. Mimi ningeanza kwingine: nani anamiliki nini siku mfanyakazi anapoondoka.

Chukulia duka la vipuri Kariakoo. Ukurasa wake wa Instagram ulifunguliwa na karani wa mauzo kwa namba yake mwenyewe. Akiacha kazi, msimbo wa kuingilia unaendelea kutumwa kwenye simu yake, na mwenye duka hana pa kushika. Basi sera iseme wazi kwamba kurasa za kampuni husajiliwa kwa laini na baruapepe ya kampuni, watu wasiopungua wawili wawe na uwezo wa kuingia, na nywila ibadilishwe siku ileile mtu anapokabidhi kazi.

Simu ni ngumu zaidi. Kampuni ikitaka kuweza kufuta data kutoka mbali simu inapoibwa, imwambie mfanyakazi mapema kwamba hata picha za wanawe zilizomo zinaweza kufutika. Ikikagua kompyuta, itaje inakagua nini, kwa sababu gani, na nani anaona matokeo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Ukaguzi wa kificho unaweza kumgeukia mwajiri.

Kuhusu akaunti binafsi, kifungu kiwe kifupi: usitoe siri za wateja, usijifanye msemaji wa kampuni. Agizo la "usiichafue kampuni" ni pana mno. Hata anayelalamikia mshahara uliochelewa ataadhibiwa nalo.