Chakula cha Mazishi: Hesabu Mikono Kwanza

Kamati ya mazishi ikikaa Ruring'u, Nyeri, kupanga chakula, mjadala huanzia kwenye mukimo, chapati na pilau. Mpishi mzoefu huuliza kwanza wamenyaji ni wangapi na sufuria kubwa ziko ngapi.

Tuseme wageni ni 200 na akina mama wa kujitolea ni wanane. Chapati mbili kwa kila mgeni ni chapati 400, na kila moja isukumwe na kugeuzwa. Mukimo nao hupondwa ungali moto, kazi ya nguvu inayoangukia saa ile ile ya kupakua. Kwa mikono hiyo, afadhali wali, mchuzi wa nyama na viazi, kabichi, na sufuria moja ya githeri isiyo na nyama, ili asiyekula nyama apate chakula chake bila kuomba. Kilo 25 za mchele wa Mwea, 20 za nyama, 30 za viazi na kabichi kubwa 15 zitatosha.

Githeri ndiyo ianze. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, hivyo maharagwe hukawia kuiva kuliko Mombasa. Yaloweke usiku pamoja na mahindi, umwage maji hayo, uchemshe alfajiri. Bonyeza harage kwa vidole: likiwa na kiini kigumu, usiepue. Maharagwe mekundu yasiyoiva hutapisha watu.

Viazi vimenywe jioni na vilale ndani ya maji, visije vikawa vyeusi. Nyama ipikwe asubuhi ya mazishi, kwa sababu sufuria kubwa ya mchuzi hupoa polepole na vijidudu huzaana humo usiku kucha. Viazi viingie nyama ikishalainika, vikitangulia, vitavurugika.

Wali ndio huwaaibisha wapishi. Kilo zote 25 zikiwa katika sufuria moja, chini huungua na juu hubaki mbichi. Zigawe mara mbili, na maji yakikauka punguza kuni, uweke makaa juu ya kifuniko. Kijana mmoja akae kwenye ibada. Mahubiri yakianza, alete habari mchele utiwe.

Wafiwa na wazee wapelekewe sahani walipoketi, ndipo foleni ianze. Nyama ipakuliwe na mtu mmoja kwa upawa mmoja. Sahani 50 zikishatoka, mchuzi uwe umepungua robo tu. Ukipungua zaidi, apunguze mkono hapo hapo, kabla wa mwisho hajala mchuzi mtupu.

Wali utakaobaki ugawiwe majirani ungali moto. Ukilala ndani ya sufuria hadi kesho huweza kufanya sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipashwa.