Pipa la Mafuta: Bati Lake na Lita Zake

Katika soko la Kamukunji jijini Nairobi, milio ya nyundo juu ya bati haikomi mchana kutwa. Mafundi wa jua kali hununua mapipa matupu ya mafuta na kuyageuza kuwa majiko, masanduku na makarai. Kwanza fundi huondoa vifuniko vya juu na vya chini. Kisha hukata ubavu wa pipa kutoka juu hadi chini, akaufunua na kuugonga mpaka unyooke.

Kinacholala chini baada ya hapo ni bati la mstatili. Upande mmoja ni kimo cha pipa, na upande wa pili ni mzingo wake, yaani urefu wa kulizunguka mara moja. Hiyo ndiyo kanuni nzima ya eneo la uso uliopinda wa mcheduara: mzingo mara kimo. Mwanafunzi huikuta kitabuni ikiandikwa 2πrh, ambapo r ni nusukipenyo na h ni kimo. Sehemu ya 2πr ndiyo huo mzingo, na π ni takriban 3.14.

Tuchukue pipa la kawaida la chuma, lile linaloitwa la lita 200. Utepe ukizungushwa kiunoni mwake, mahali palipo laini kati ya mbavu zilizotuna, husoma karibu sentimita 180. Ukigawa kwa 3.14 unapata kipenyo cha nje cha 57.3. Toa milimita mbili hivi za unene wa bati pande zote mbili, na kipenyo cha ndani kinabaki takriban sentimita 57. Kimo cha ndani hupimwa kwa kijiti kilichonyooka kinachotumbukizwa kupitia tundu la kumiminia mpaka kiguse chini. Kijiti hicho huonyesha karibu sentimita 85.

Bati la ubavu, basi, ni 179 mara 85: sentimita za mraba 15,215, au mita ya mraba moja na nusu hivi. Fundi anayetaka kujua pipa moja litatoa majiko mangapi huanzia hapo, na vile vifuniko viwili humwongezea nusu mita ya mraba nyingine.

Ujazo unaanzia kwenye kifuniko. Eneo la duara la chini ni π mara nusukipenyo mara nusukipenyo: 3.14 × 28.5 × 28.5, ambayo ni kama sentimita za mraba 2,550. Maana yake, pipa likiwa limesimama, kila sentimita moja ya kina cha mafuta ni lita 2.55. Zidisha kwa kimo cha 85 na jibu ni lita 217 hivi.

Mbona basi huitwa la lita 200? Kwa sababu pipa la mafuta halijazwi mpaka mdomoni. Dizeli hutanuka ikipata joto: lita 200 zikipanda nyuzi 20 za Selsiasi huongezeka kwa zaidi ya lita tatu. Nafasi inayoachwa juu ndiyo inayopokea ongezeko hilo. Pipa lililojazwa pomoni na kufungwa likianikwa juani huvimba vifuniko, na mafuta hutafuta njia ya kutokea.

Kosa la kawaida katika hesabu hii ni kupima kwa nje. Kwenye mbavu zilizotuna kipenyo hufika kama 59, na kimo cha nje ni kama 88, kwa kuwa kingo za juu na chini hupita vifuniko. Ukitumia vipimo hivyo utapata lita 240. Sentimita mbili za kipenyo zinaonekana kidogo, lakini nusukipenyo kinazidishwa mara mbili, kwa hiyo kosa lake nalo huingia mara mbili.

La pili humpata anayelilaza pipa. Likiwa limesimama, kina cha robo ni robo ya mafuta. Likilazwa, mafuta yakifika nusu ya kipenyo bado ni nusu sawasawa, ila robo si robo tena, kwa sababu sehemu ya chini ya duara ni nyembamba. Kina cha sentimita 14 na robo ni lita 42 tu, ilhali anayegawa kwa nne anaamini ana 54. Kwa mwenye jenereta, hizo lita 12 ni saa kadhaa za umeme. Njia salama ni kulisimamisha pipa kabla ya kuchovya kijiti.

Na kabla ya kukata lolote, litazamwe lilibeba nini. Pipa tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke uliobaki ndani ukichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche moja. Lisiguswe na moto wa gesi wala mashine ya kukatia kabla halijaoshwa na mvuke wote kutolewa.