Funika kidogo: saa chache za Kirundi na mashine inayosikiliza

Tuseme mtu amekusanya saa tano za maongezi ya Kirundi hapa Kajaga, kwenye njia ya Gatumba. Kwa mashine ya kugeuza matamshi kuwa maandishi, kiasi hicho ni kidogo mno. Kinyarwanda, ndugu wa Kirundi, kina zaidi ya saa 2,000 kwenye Common Voice. Mashine ikirudia sauti hizo chache kila siku huzikariri badala ya kujifunza. Mwaka 2019 watafiti wa Google walitoa dawa rahisi, SpecAugment. Sauti hugeuzwa kwanza kuwa spektogramu, yaani picha ambayo wakati unakwenda kulia na masafa yanapanda juu. Kisha, kila mzunguko wa mafunzo, vipande vya picha hiyo hufunikwa kwa bahati nasibu: mstari wa wima unaficha muda, wa mlalo unaficha masafa. Maandishi yanabaki yaleyale, na mashine haikutani na picha ileile mara mbili.

Hatari iko kwenye kunakili vipimo. Watafiti wale waliruhusu kila funiko la muda kufikia fremu 100, na fremu moja ni milisekunde 10, yaani sekunde nzima. Rekodi zao nyingi zilizidi sekunde kumi. Sentensi ya sekunde tatu ina fremu 300 tu, na mafuniko mawili yanaweza kumeza theluthi mbili zake. Hapo mashine inafundishwa kubuni maneno ambayo haikuyasikia. Ningeanza na fremu 20, karibu silabi moja. Katika "abana babiri baragiye", likifunikwa "ba" la "babiri", upatanisho wa pande zote mbili unalirudisha. Ukificha "babiri" lote, hakuna kinachosema ni wawili au watatu.

Wapo watakaosema kwamba kufunika masafa kunaua toni, na Kirundi ni lugha ya toni. Hoja ina uzito, lakini si mkubwa. Mwinuko wa sauti huacha alama katika masafa mengi kwa pamoja, kwa hiyo ukanda mmoja ukifichwa mengine hubaki kushuhudia. Tena tahajia ya kawaida ya Kirundi haiandiki toni. Hata hivyo, kati ya mikanda 80, kuficha 10 kunatosha kuanzia.

Usishtuke makosa ya mafunzo yakizidi yale ya majaribio: mafunzo yamefunikwa, majaribio hayafunikwi kamwe. Cha kutazama ni makosa kwa wasemaji ambao mashine haijawahi kuwasikia. Yakigoma kushuka, kufunika kumefika mwisho wake, kwa kuwa hakuongezi koo jipya wala lafudhi mpya. Hapo acha kuchezea vipimo, kawarekodi watu wengine.