Jina la Jimu Lisilomtisha Mgeni

Planet Fitness ilianza mwaka 1992 mjini Dover, jimbo la New Hampshire, Marekani. Jina lake halitaji chuma, misuli wala jasho. Ndani, matangazo yanasema hapa hakuna anayehukumiwa, na anayebwaga vyuma kwa kishindo huweza kupigiwa king'ora. Kituko, lakini mgeni anaelewa.

Kwa mwenye jimu Dar es Salaam, kipimo ni chepesi: mtu asiyewahi kushika chuma amwambie jirani, "Naenda Simba wa Chuma." Akiona haya, jina limemzidi kimo. "Naenda Nyosha Viungo" hutamkika bila kujitetea, na bado lina kitendo cha kumwamsha mtu kitini. Ila mlangoni pakibandikwa picha ya jitu lililotuna misuli, mgeni atasoma picha kwanza.